Kifungua Mimba wa Pili

Baba alianguka bafuni Jumanne, saa tatu asubuhi, na simu ya kwanza ikapigwa kwangu. Mdogo wetu Kinda anakaa mwendo wa dakika kumi kutoka kwa baba. Mimi nakaa mwendo wa saa mbili kwa basi. Jirani aliyepiga hakuuliza nani yuko karibu, aliuliza nani mkubwa.

Nilikwenda. Nilijaza fomu, nikaweka sahihi, nikaketi kwenye benchi la hospitali mpaka daktari alipotoka kuniambia nyonga imevunjika na wataifunga kwa vyuma. Alisema mzee hataweza kukaa peke yake kwa miezi kadhaa. Nikasema sawa. Aliniangalia kama anayengoja nilie, halafu akaondoka.

Tuko watatu. Mimi nina miaka arobaini na minne. Mwalimu, ndugu yangu anayenifuata, tumepishana miezi kumi na minne tu. Tulipokezana ziwa kabla halijapoa. Halafu kukapita miaka kumi na miwili ndipo akaja Kinda, kitinda mimba, wakati ambao mama alishagawa nguo zote za watoto wachanga. Mama alifariki zamani, na baba hakuoa tena.

Lakini mimi si kifungua mimba. Kulikuwa na kaka aliyenitangulia kwa miaka miwili. Alikufa kwa homa nikiwa na miaka minane. Wiki iliyofuata mama alinikabidhi funguo za kabati na kuniambia, "Sasa mkubwa ni wewe." Hakuna aliyeuliza kama nataka, wala mimi sikufikiria kwamba ni jambo la kuulizwa.

Kazi yangu ni takwimu. Nasafisha data katika ofisi ya utafiti: naondoa majibu yaliyojirudia, natafuta mtu aliyejaza kwamba alizaliwa kabla ya mama yake. Miezi michache kabla baba hajaanguka tulikuwa na utafiti wa ndugu, madodoso maelfu kwa maelfu. Tulipowauliza watu kuhusu ndugu zao wa nyumba moja, wengi walisema mkubwa ndiye mwenye kuwajibika na mdogo ndiye mtundu. Nikamwambia mkuu wangu kwamba hilo hata bibi yangu alilijua.

"Bibi yako alimlinganisha mtu wa miaka thelathini na wa miaka ishirini," akanijibu. "Umri peke yake unamtuliza mtu. Chukua mkubwa wa miaka thelathini wa nyumba hii, na mdogo wa miaka thelathini wa nyumba ile. Na nyumba zenyewe ziwe na watoto idadi sawa, maana mtoto wa sita anatoka familia kubwa tu, na familia kubwa ina maisha yake."

Nililinganisha. Upole, bidii, ucheshi, wasiwasi: tofauti ikayeyuka, ikabaki kitu ambacho usingeweza kukiona kwa macho. Nikajaribu kwa pengo la miaka kati ya ndugu, wanaofuatana karibu na waliopishana mbali. Hakuna kitu. Kilichobaki ni majaribio ya akili: wakubwa walizidi kidogo, kama alama moja au mbili kwa wastani wa mia, kiasi ambacho hakikuambii lolote kuhusu mtu mmoja aliyesimama mbele yako.

"Tafiti kubwa za wengine zimepata hivyo hivyo," mkuu alisema. "Na kuna jambo jingine. Wa pili ambaye mkubwa wake alikufa utotoni, alama zake hufanana na za kifungua mimba. Kwa hiyo inaelekea si tumbo, ni nafasi unayolelewa nayo."

Nikasema sawa, nikarudi kwenye meza yangu. Mchana ule nilisafisha madodoso mia mbili bila kosa hata moja.

Sasa, siku ya pili ya hospitali, Mwalimu alikuja na matunda. "Baba atakaa kwako, bila shaka," alisema. Hakuwa anauliza. Alisema nyumba yake ina watoto wanne na mke mjamzito, na nilijua ni kweli. Kuhusu Kinda hakusema chochote. Katika familia yetu Kinda hahesabiwi. Huyo ni wa kuchekesha watu. Akija kwa baba nami nikiwapo, katika nyumba aliyokulia, huniuliza, "Dada, sukari iko wapi?"

Kadi ya bima ya baba ilikuwa kwa Kinda, nikaifuata kazini kwake. Ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mikate. Sikuwahi kufika pale kwa miaka sita yote aliyofanya kazi hapo. Nilimkuta mashine imekwama, mikate inapandana mlangoni mwa tanuri. Kinda alikuwa amesimamisha mkanda unaobeba mikate. Hakupiga kelele. Aliwahesabu watu wake kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka akahakikisha hakuna mkono uliobaki ndani. Akamhamishia mama mmoja mwenye ujauzito kwenye kiti cha kupanga lebo. Akaandika saa kwenye daftari, akamwita fundi, ndipo akaniona.

"Dada! Kuna nini tena?"

Nilisimama pale na unga viatuni. Nilisema, "Baba akae kwako."

Alicheka. Alipoona sicheki, akavua kofia. "Kwangu? Mimi si mtu wa mambo hayo, Dada. Unanijua."

"Nani alisema?"

Akafikiri. "Si nyinyi nyote?"

Jioni Mwalimu alinipigia. "Umemtwisha mtoto mzigo!"

"Mtoto ana miaka thelathini na mmoja."

"Lakini wewe ndiye mkubwa."

"Mkubwa alikufa," nilisema. Akasema hayo ni mambo ya zamani, akakata simu.

Baba alikwenda kwa Kinda akinung'unika kwamba atasahauliwa kitini kama mwavuli. Wiki ya kwanza Kinda alichelewesha dawa mara moja, akanipigia papo hapo kuniambia. Wiki ya pili akabandika ratiba ukutani kama ya kiwandani, na mazoezi ya mguu kila baada ya saa nne. Baba hakukubali kirahisi. Akiwa na kiu alinipigia mimi, ili nimpigie Kinda, aliyekuwa chumba cha pili, amletee maji. Nilipiga. Baadaye nikaacha kupiga, na maji yakafika hata hivyo.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nikasubiri. Halafu nikasubiri hatia, nayo haikuja. Jumamosi nilikaa kitandani hadi saa sita mchana nikitazama pazia, si kwa huzuni wala kwa furaha.

Baba alipofikisha mwezi wa tatu huko, nilikwenda kuwaona. Baba alikuwa akitembea barazani kwa kuegemea fremu ya chuma, akigomba na redio. Kinda alikuwa anaosha vyombo, nami nafuta.

"Kaka yetu yule," aliuliza, "alikuwaje? Hakuna aliyewahi kuniambia."

Nilifuta kikombe. "Alikuwa mzembe. Alisahau viatu shuleni. Mama alikuwa akinituma mimi nikamtafute."

"Kifungua mimba?" Akacheka mpaka povu likamrukia usoni. "Basi wewe ulikuwa hivi hivi tangu mwanzo!"

"Alikuwa na miaka kumi," nilisema. "Mtoto mmoja wa miaka kumi si ushahidi wa kitu chochote."

"Unamkumbuka, lakini?"

"Sauti yake, hapana."

Akanipa sahani nyingine. Niliifuta pande zote mbili, na kwa kuwa sikujua anaweka wapi sahani zake, nilimuuliza.