Wodi Isiyoanguka Mtu

Bibi mmoja alipovunjika nyonga akienda msalani peke yake, Sista, muuguzi mkuu wa wodi ya wazee, alisema basi, imetosha. Akaandika mradi. Kila mgonjwa apimwe hatari ya kuanguka siku anayolazwa, kitanda kishushwe, kengele iwe mkononi, aliye dhaifu apelekwe msalani kwa zamu. Kila wiki, afisa ubora angechagua wagonjwa kwa bahati nasibu na kukagua kama hayo yamefanyika. Walioanguka wangehesabiwa kwa kila siku elfu za kulazwa, na kulinganishwa na miezi ya kabla ya mradi.

Mwishoni aliweka kipimo cha tahadhari: wangapi wamefungwa kitandani, wangapi wana vidonda vya kulalia.

"Hicho kitoe," mganga mkuu alimwambia. "Andiko limerefuka. Hapa nani anamfunga mtu?"

Sista aliona mradi wake utakwama kwa jambo dogo. Akakitoa.

Mwezi wa kwanza hakuanguka mtu. Mganga mkuu alicheka hadi jino la mwisho. Sista naye alifurahi, ila kuna kitu kilimkwaruza moyoni. Wodi ilikuwa imenyamaza mno. Hata Mzee Safari, aliyepewa jina hilo kwa kutotulia, aliyezoea kumdaka mlangoni na kumwambia, "Binti yangu, basi langu limefika?", hakuonekana.

Mchana mmoja alimfuata kitandani. Kitanda kilikuwa chini, kengele karibu. Mkaguzi asingeona kasoro.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alimtazama tu. Sista akainua blanketi. Viganja vilikuwa vimevimba, bandeji imezungushwa kwenye vifundo vya mikono na kufungwa kwenye chuma cha kitanda. Akainua blanketi la jirani. Naye vilevile.

"Nani kafanya hivi?"

Muuguzi wa zamu aliinamisha kichwa. "Dada, tuko wawili kwa wodi nzima. Kuwapeleka msalani kwa zamu tulishindwa. Na ulisema asianguke mtu."

Sista alifungua mafundo. Alipomsimamisha mzee, miguu haikuweza kumbeba, na mgongoni kidonda kilikuwa kimekwisha kuchimba nyama.

Alikwenda mbio ofisini kwa mganga mkuu.

"Simamisha mradi. Turudishe kile kipimo, tuombe watu wa kutosha, ndipo tuanze upya."

"Wanaoanguka wataongezeka."

"Waongezeke, ilimradi tuwe tunasema kweli."

Mganga mkuu alivua miwani, akaifuta taratibu. "Umechelewa, dada. Wodi zote zimeanza mpango wako tangu juzi. Nilipeleka andiko mwenyewe."

Sista alipanda ngazi hadi wodi ya upasuaji. Muuguzi mkuu wa huko alimpokea mlangoni kwa tabasamu.

"Karibu, mwalimu wetu! Hapa hajaanguka hata mmoja."

Sista alimpita, akaenda kitanda cha kwanza, akashika pembe ya blanketi.