Muhtasari wa Mguu wa Mwanamisi

Habari za mguu wa Mwanamisi zilikuwa zimejazana kwenye barua pepe hadi hakuna daktari aliyetaka kuzifungua tena. Kila mmoja alijibu alipopata nafasi, huyu akiwa hospitalini Thika, yule akiwa kliniki ya Ruiru, na kila jibu lilikokota nyuma yake mkia wa majibu yote yaliyotangulia. Mwishowe kazi ikamwangukia Sista Selpha Nekoye, muuguzi aliyeratibu wagonjwa wanaotibiwa pande zote mbili.

"Sista, tukunjie hii kitu ikae ukurasa mmoja," Daktari Muema, daktari wa upasuaji wa Thika, alimwambia. "Mgonjwa ana nini, tumekubaliana nini, nani anafanya nini. Siasa toa."

Selpha alikaa na kazi hiyo alasiri nzima. Mwanamisi alikuwa mama wa chapati wa mtaa wa Landless, Thika. Alikuwa na sukari ya miaka mingi, figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka, na sasa vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekufa, vikawa vyeusi kama makaa. Selpha alitoa siasa kama alivyoombwa. Mahali Muema alipoandika kwamba watu wa Ruiru wamemkalia mgonjwa, yeye aliandika kwamba kipimo cha mishipa kilifanyika Ruiru na majibu yakatumwa wiki iliyofuata. Mahali mtu alipoandika kwamba mama huyu ni msumbufu, aliandika kwamba mgonjwa aliomba muda azungumze na kaka yake. Hilo lilimfurahisha. Aliona amemtendea haki.

Timu ya madaktari hao ilikuwa na desturi yake. Pendekezo likishatolewa na siku ya kujibu ikapita, aliyenyamaza alihesabiwa kuwa amekubali. Muema alikuwa amependekeza mguu ukatwe chini ya goti kabla uchafu haujapanda. Daktari Naliaka wa figo alikubali, akaonya tu juu ya dawa ambazo figo za mama hazingeziweza. Daktari Kaleli wa Ruiru, mtaalamu wa mishipa ya damu, Selpha hakuona neno lake. Basi chini ya maamuzi aliandika: "Mguu wa kushoto ukatwe chini ya goti, Jumatatu. Dkt. Kaleli hakupinga."

Kulikuwa na barua moja iliyokuwa na mkia ambao alikwisha kuusoma mara nyingi. Aliiona. Aliidhania nakala, macho yalikuwa yamemchoka na mambo ya mguu huo yalikuwa yamemchosha zaidi, akaipita.

Muhtasari ulisifiwa. Uliwekwa kwenye faili, na kuanzia hapo hakuna aliyerudi kwenye zile barua. Muema aliuchukua akaenda nao wodini, akamweleza Mwanamisi, na Mwanamisi akatia sahihi karatasi ya ridhaa, kaka yake Yusuf akiwa amemshika bega.

Ijumaa asubuhi Kaleli alipiga simu kutoka Ruiru.

"Sista Selpha, habari ya huko. Nimesoma muhtasari wako sasa hivi, nilikuwa thieta, kwenye upasuaji, tangu juzi. Hebu niambie, mimi nilikubali lini?"

"Daktari, hukujibu. Na siku ilipita."

"Nilijibu. Nilijibu ile barua ya kwanza ya Muema, wala si ya mwisho. Angalia."

Aliangalia. Ilikuwa ileile aliyoidhania nakala. Kaleli alikuwa ameandika juu kabisa, kwa mistari michache: damu inafika vizuri mpaka kifundo cha mguu. Ningetoa vidole viwili na nyama iliyokufa, kisha tuangalie. Uchafu ukipanda au homa ikija, hapo tukate. Naomba hili lijadiliwe kabla ya uamuzi.

Halikuwa limejadiliwa, kwa sababu Selpha alikuwa amelipita, na kulipita kulikuwa sawa na kulifuta.

"Sista, bado uko?"

"Niko, Daktari. Kosa ni langu. Nampigia Muema sasa."

Muema alisikiliza. "Unajua nimemwambia huyo mama ana kwa ana? Nimemwambia sote tumekubali."

"Najua."

"Na mimi hiyo barua ilinifikia pia. Sikuifungua." Akapumua. "Sawa. Simamisha thieta. Nampima tena, halafu tuongee na Kaleli kwa simu, si kwa barua."

Alimpima. Homa haikuwapo, wekundu haukuwa umepita unyayo. Wale wawili walibishana kwa simu karibu saa nzima, Muema akisema wanacheza na maisha ya mtu, Kaleli akisema mguu ukishakatwa haurudi. Naliaka akaletwa kwenye simu naye. Wakaafikiana: vidole vitolewe, dawa zitolewe kwa kipimo cha figo zile, jeraha litazamwe kila siku, na Muema ndiye aamue kama mguu utakatwa hali ikibadilika.

Selpha alirudi kwenye kompyuta. Sentensi ya kwanza ilikuja yenyewe, laini kabisa: "Baada ya mashauriano zaidi, mpango umebadilishwa." Hakuna mtu angeuliza. Haikuwa na lawama, haikuwa na siasa. Aliitazama, akamfikiria Mwanamisi akitia sahihi, akaona aibu hata ya kuiacha ikae hapo mbele yake. Aliifuta. Akaandika: "Muhtasari wa kwanza ulikuwa na kosa. Uliacha jibu la Dkt. Kaleli na kusema hakupinga, hali alikuwa amependekeza njia nyingine. Mgonjwa aliridhia akiwa hajaelezwa njia hiyo. Makosa ni ya mwandishi, S. Nekoye." Chini yake akaweka maamuzi mapya, jina la kila mwenye kazi, na lile ambalo bado halijulikani: kama vidole vitatosha. Akatuma kwa wote, kisha akaomba aende wodini pamoja na Muema.

Yusuf alikuwa ameketi kando ya kitanda cha dada yake, amepakata chupa ya chai. Muema alieleza mpango mpya. Kisha Selpha akasema mwenyewe, bila kuzunguka, kwamba ni yeye aliyeruka barua.

Mwanamisi alimgeukia.

"Kwa hiyo mguu haukatwi?"

"Jumatatu haukatwi, mama," Selpha alijibu. "Vidole viwili tu. Lakini siwezi kukuahidi. Ikiharibika, huenda bado ukakatwa."

"Mimi huu mguu nimeshaulilia," alisema Mwanamisi. "Jana usiku nimemaliza. Nikamwambia Yusuf anitafutie kiti kirefu, nipike nikikaa. Sasa mnaniambia nianze upya."

"Nisamehe, mama."

"Sijui kama nimekusamehe. Niulize siku nyingine." Alijigeuza, polepole kwa ajili ya mguu, akaelekea ukutani.

Muema alienda kutafuta karatasi mpya ya ridhaa. Selpha alibaki amesimama, hajui kama akae au aende. Kengele ililia wodi ya jirani, ikanyamaza.

"Yusuf," Mwanamisi alisema akiwa bado ameutazama ukuta, "huyo msichana hajanywa kitu tangu asubuhi. Sauti yake imekauka. Mpe kikombe."

Yusuf akamimina. Ilikuwa chai ya maziwa, imetiwa tangawizi, tamu ya nyumbani. Selpha aliipokea kwa mikono miwili. Aliinywa yote, amesimama palepale miguuni pa kitanda.