Mwanga Usio na Balbu

"Hapa," mzee Kiptanui alisema, akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole na kuacha alama ya mafuta. "Hako kakibanda katoke. Ibaki ukuta wangu na barabara tu."

Jerop, fundi wa picha pale studioni, alikisogelea kioo. Alikuwa ameshaona kitambaa cha kichwa cha mwanamke aliyeinama juu ya jiko pale kibandani. Kilikuwa cha buluu, kimefungwa fundo kisogoni. Mtu mwingine asingemjua, maana uso haukuonekana. Lakini Jerop alikijua kitambaa hicho, na mgongo huo aliujua tangu alipokuwa akibebwa juu yake.

Picha ilipigwa usiku ule taa za barabara zilipowashwa mtaani Kaptembwo kwa mara ya kwanza. Watu wengi walipiga picha usiku huo, wakishangilia. Mamake Jerop, Chesang, hakupiga. Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vibonye, na hata angekuwa na kubwa, nani hupiga picha sufuria zake mwenyewe za githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha? Mwaka mmoja baadaye Kiptanui alileta vijana wakakivunja kibanda, akidai kinaziba geti la ploti yake na kwamba kiliwekwa juzi tu. Sasa kamati ya soko ilikuwa inagawa vibanda vipya vya mabati, na sharti lilikuwa moja: apewe yule aliyekuwa akiuza hapo taa zilipowashwa. Mwenye ushahidi alete kesho mchana kwenye ukumbi wa kanisa.

"Picha ni ya nini, mzee?" Jerop aliuliza, ingawa alijua.

"Ya kuwafunga watu midomo," Kiptanui akacheka. "Wewe msichana, kazi yako ni kufuta ama ni kuuliza?"

"Fanya, Jerop," Ndung'u alisema kutoka kwenye mashine ya kuchapisha. Studio ilikuwa ya Ndung'u, lakini chumba kilikuwa cha Kiptanui, na alipoongea na mwenye nyumba sauti yake ilikuwa nyembamba. "Umetoa watu kwa picha za harusi, utashindwa na kibanda?"

Jerop aliacha shule darasa la sita. Maneno hayakuwa yakimtoka vizuri mbele za watu, ndiyo maana alipenda kazi hii ya kukaa kimya na panya ya kompyuta mkononi. Alizungushia kibanda mstari na kubofya. Programu ikafikiri kidogo, kisha mamake akatoweka.

"Si umeona?" Kiptanui akapiga makofi mara moja. "Imeisha."

Haikuwa imeisha. Jerop aliiona kazi mbovu kama mtu anavyoona kiraka kwenye suruali. Picha ya usiku hujaa chenga, vitone vyekundu, vya kijani na vya buluu ambavyo kamera hutia yenyewe mwanga ukiwa mdogo. Pale kibanda kilipokuwa hapakuwa na kitone hata kimoja. Palikuwa laini, kama pamepigwa lipu. Tena taa za barabara zilikuwa za rangi ya chungwa, zimepaka kila kitu chungwa, lakini kibandani mlikuwa na balbu nyeupe, na weupe wake ulikuwa umemwagika nje mpaka kwenye mchanga wa barabara. Programu ilifuta kibanda, haikufuta mwanga wake. Ukingo wa weupe, wenye ubuluu, ulizunguka ile nafasi tupu.

Kuitengeneza alijua. Mstari ungepanuliwa uumeze ule mwanga wote, ardhi nyingine iazimwe kutoka sehemu iliyo umbali uleule kutoka kwa nguzo ya taa, ili chungwa lipungue polepole inavyotakiwa. Halafu chenga zirudishwe, za ukubwa uleule na rangi zilezile. Saa moja ya kazi, na hakuna binadamu angejua kwamba Chesang aliwahi kusimama pale miaka tisa.

Mkono wake ulikaa juu ya panya. Kisha akaisukuma kando.

"Huyo ni mamangu," alisema.

Kiptanui alimgeukia. "Nani?"

"Huyo mnamfuta. Sitafanya."

"Boss, huyu ni mfanyakazi wako ama ni kamati?" Kiptanui akamuuliza Ndung'u, bado akitabasamu.

Ndung'u hakumwangalia Jerop. Alimwondoa kitini taratibu, akaketi yeye, akaihifadhi picha vilevile ilivyo, akaichapisha kwa karatasi kubwa. Kisha akachomoa kutoka kwenye kompyuta flashi iliyoleta picha ya kwanza na kumrudishia mwenye nyumba. "Enda nyumbani leo, Jerop," alisema. "Upoe."

Hakupoa. Alitembea mpaka nyumbani akiwa amekunja ngumi, na mamake alipomuuliza kuna nini, alisema tu, "Kesho naenda na wewe."

Ukumbini siku ya pili walikuwa watu kama arobaini. Mwenyekiti, mzee Kibii, aliita majina. Ilipofika zamu ya Chesang, alisimama akaeleza kwa heshima kwamba yeye alikuwa pale kabla hata nguzo hazijachimbiwa. Kiptanui aliinuka. Alimletea Kibii picha na kuiweka mezani.

"Usiku wa taa ni huo," alisema. "Mama atuonyeshe alikuwa wapi. Labda alikuwa ndani ya ukuta."

Watu wakacheka. Chesang akatazama picha. Jerop aliona mamake akianza kukaa, na hapo miguu yake mwenyewe ikasimama kabla hajaiambia.

"Mzee Kibii," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mzee, angalia chini, kwa mchanga. Hapo pana mwanga mweupe. Unatoka wapi?"

"Ni wa taa," Kiptanui akasema.

"Taa za barabara ni hizi, za chungwa. Ukuta ni chungwa, watu ni chungwa. Huo mweupe ni wa balbu ya nyumbani, na hakuna balbu."

"Basi ni mwezi."

"Mwezi uliangaza mita mbili pekee, mzee? Ukaacha jirani?" Akainyooshea picha kidole. "Na mtazame hapo katikati. Picha yote ina chenga, hapo hamna. Hapo pamefutwa."

Kibii alivaa miwani, akainua karatasi kuelekea dirishani. Wengine wawili wa kamati wakainama naye. Hakuna aliyecheka tena.

"Mnajua huyu ni nani?" Kiptanui alipaza sauti. "Ni binti yake. Tena kazi yake ni hiyo hiyo ya kufuta picha, hapo kwa Ndung'u. Ni yeye ameiharibu hii, akaacha huo mwanga makusudi ili aje kunichoma hapa."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Siku nyingine Jerop angeangalia viatu vyake.

"Ningeifanya mimi," alisema, "hungeona kitu."

Kibii aliiweka picha chini. "Ndung'u," aliita, maana Ndung'u alikuwa amesimama karibu na mlango. "Hii umefanya wewe?"

Ndung'u alimtazama mwenye nyumba wake, kisha akamtazama Chesang, aliyemlisha githeri miaka yote hiyo. "Ni mimi," alisema. "Kibanda kilikuwepo. Ya kwanza iko kwa flashi yake."

Kiptanui alinyoosha mkono kuichukua karatasi. Kibii akaibana kwa kiganja. "Hii inabaki na kamati. Na flashi tunaingoja." Akachukua kalamu. "Chesang, utataka kibanda cha pembeni ama cha katikati?"

"Cha pembeni," Chesang alisema.

Jerop bado alikuwa amesimama. Mamake alimvuta sketi akae, mara mbili, lakini hakukaa. Alikuwa anamwangalia Kiptanui, na alitaka amwangalie mpaka mzee ndiye awe wa kwanza kutazama kando.