Godoro Lililokaa Tupu

Orpha alimkana mumewe mbele ya kadamnasi, birika la chai mkononi, na maiti ya mwenyewe hata haijazikwa. Msimrukie bado. Subirini msikie lilivyoanza, kisha mtamhukumu mkipenda. Yeye mwenyewe keshajihukumu zamani.

Kwa Wakongo, mwanamume mwenye mke akifa, wanawake hutandika godoro chini sebuleni. Mjane hukaa pale bila viatu, wenzake wakamzunguka, wakalia naye mpaka kilio kiishe. Siku Damien alipofia hospitalini kwa ugonjwa wa moyo, wanawake wa kanisa walifika nyumbani kwake Kensington, huku Afrika Kusini, wakasogeza makochi, wakatandika godoro. Orpha aliwaona. Akapita kando ya godoro kama anayepita shimo, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Jioni sebule ilijaa watu. Thierry, ndugu pekee wa marehemu, mkubwa wa bohari moja kule Midrand, akasimama na suti yake nyeusi.

"Wapendwa, naona godoro liko wazi. Ndugu yangu aliacha mke? Dada Orpha, wewe uliyekaa naye nyumba moja, hebu tuambie."

Mjanja huyo! Alijua kila kitu. Alikula kwa Orpha miaka nenda miaka rudi, akimwita shemeji wakiwa peke yao. Lakini mbele ya watu alimwita dada, na Orpha akatazama nyuso za wanakwaya wenzake.

"Hapana," akasema. "Hakuwa na mke."

Godoro likakaa tupu siku zote za msiba. Orpha akagawa chai.

Mambo yalianzia mbali. Yeye na Damien walikutana mtaa wa Yeoville, yeye akisuka nywele, Damien akishona nguo chumba cha pili. Wakapendana, wakahamia pamoja. Harusi ilisubiri mahari, na mahari ilisubiri vita vitulie huko kwao Uvira ili wazee wa Orpha wapatikane mahali pamoja. Vita havikutulia. Miaka ikaenda, kumi na minne, wakanunua nyumba kwa nguvu za wote wawili, ila hati ikaandikwa jina la Damien kwa kuwa ndiye aliyekuwa na makaratasi kamili wakati ule.

Sasa kanisani kwao, pale ghorofani juu ya duka la matairi, wanaoishi kinyumba bila ndoa huwekwa benchi la nyuma. Hawaimbi kwaya, hawashiriki meza ya Bwana. Na Orpha jamani alikuwa na sauti! Siku ya kwanza walipoulizwa, akajibu haraka, "Huyu ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa." Damien akamtazama, akakubali iwe hivyo. Tangu hapo Orpha akaimba mbele, na Damien akakaa na makapera, akimpigia makofi. Uongo mmoja mdogo, alijiambia Orpha, mpaka mahari itakapokwenda. Uongo ukaota mizizi, ukazaa matawi, wakaishi chini yake.

Wiki moja baada ya maziko Thierry akaja, safari hii bila machozi.

"Ndugu yangu alikufa kapera, hana mtoto, wazazi wetu wamekufa. Mrithi ni mimi. Nimesharipoti mirathi kwa Master, ofisi ya serikali ya mirathi. Nyumba nitaiuza. Mwisho wa mwezi uwe umepata pa kwenda, dada."

"Thierry, unanijua mimi ni nani."

"Najua ulichosema mbele ya watu wote," akajibu, akachukua funguo za gari lake, akaondoka.

Hapo ndipo Orpha alipopanda teksi kwenda mjini, kwenye ofisi ya msaada wa sheria ambako wakili mmoja Mkenya, Lorraine, aliongea naye Kiswahili. Orpha alianza na neno alilolisikia kwa wateja wake wa saluni.

"Wanasema mkikaa miaka mingi, serikali inawahesabu mmeoana."

"Eish, hilo linatuponza wengi," Lorraine akasema. "Kwetu Kenya jaji anaweza kudhania ndoa, na siku hizi hata huko ni kwa shida. Hapa Afrika Kusini, mama, miaka haizai ndoa. Hata mkae thelathini."

Orpha akaanza kukusanya mkoba wake.

"Kaa, sijamaliza. Mngeachana akiwa hai, ungelazimika kuthibitisha kwamba mlikuwa na ubia wa mali, na hiyo ni kesi ngumu. Lakini yeye amefariki bila wosia. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2021, na baadaye sheria yenyewe ikarekebishwa: mwenzi wa kudumu aliyebaki, kama mlikuwa mmejifunga kutunzana, anarithi kama mke. Hamna mtoto, kwa hiyo ukithibitisha, Thierry hapati kitu. Usipothibitisha, vyote ni vyake. Akibisha, tutakwenda High Court."

"Nithibitishe vipi?"

"Bili, makaratasi ya hospitali, picha zenu."

"Kwenye picha tumesimama mbali mbali," Orpha akasema.

"Basi watu. Wanaoweza kuapa kwa maandishi kwamba waliwaona mkiishi kama mke na mume. Nani aliwajua vizuri?"

"Watu wa kanisa."

"Waliwajua kama nani?"

Orpha akainamisha kichwa. Akanong'ona. "Kama kaka na dada."

Siku ya kumaliza kilio, watu wakarudi Kensington. Godoro lilikuwa limetandikwa tena, pale pale. Thierry alikuwa akiagiza vinywaji kama mwenye nyumba. Orpha alisimama mlangoni mwa jikoni. Nyumba aliitaka, ndiyo, asingesema uongo tena. Lakini kilichomchoma zaidi ni lile "hapana". Damien alikaa benchi la makapera miaka yote ile kwa ajili yake, na yeye hakuweza hata kumlilia kama mke.

Akavua viatu. Akavuka sebule, akakaa kwenye godoro.

"Dada Orpha!" Thierry akasema. "Inuka, unatutia aibu."

"Aibu ni yangu," Orpha akasema, macho kwenye shuka. "Damien hakuwa kaka yangu. Alikuwa mume wangu. Niliwadanganya ili niimbe. Nitoeni kwaya, niwekeni benchi la nyuma, nastahili. Lakini wakili anataka viapo; naombeni mwenye kujua tulivyoishi aseme kweli."

Mama Marcelline, mke wa mchungaji, mtu mnene wa maneno machache, alivua viatu vyake taratibu akakaa kando yake. Godoro likabonyea upande.

"Wewe Orpha," akasema, "nani alitandika godoro hili?"

"Ninyi."

"Umeona wapi kapera akitandikiwa godoro?"

Orpha akainua macho. Wanawake wa kwaya walikuwa wanavua viatu, mmoja baada ya mwingine.

"Mlijua?"

"Miaka, mama."

"Kwa nini hamkusema?"

"Damien alituomba. Alikuja kunipima joho la kwaya, akapiga magoti na futi yake ya kupimia mkononi. Akaniambia, 'Mama, msimwaibishe mke wangu. Mwacheni aimbe.'" Marcelline akamgeukia Thierry. "Alisema 'mke wangu'. Kesho nitakwenda polisi kuapa maneno hayo kwa maandishi, na hawa wataapa waliyoyaona kwa macho yao."

Thierry akaweka chupa mezani. Orpha akajifunika uso kwa kitenge, na ndipo akaanza kulia kilio cha mjane.