Picha ya Jalada la Baba

Veneranda alikuwa amechoshwa na mjomba wake Leodgar kupita kiasi. Kutwa nzima walikuwa kwenye duka la stesheneri pale Gungu, wakibishana juu ya kitabu cha mazishi ya baba yake, marehemu Bonifasi, huku Feliksi mchapaji akiangalia saa.

Baba alikimbia Burundi angali mtoto, akakulia Kalinzi, upande huu wa mpaka. Dada yake Esther alikuja miaka mingi baadaye, wakimbizi walipomiminika tena, akawekwa kambini Kasulu. Sasa Veneranda alitaka wasifu useme hivyo hivyo, na kwenye ratiba, baada ya mjane na watoto kuweka mashada, aandikwe dada wa marehemu. Maana mshereheshaji husoma kitabu tu. Usipoandikwa, huitwi.

Mjomba hakutaka hata kusikia. Maandishi yanabaki, akasema, kesho watoto wataulizwa uraia wao. Kisha akasingizia nafasi. Feliksi, ambaye kazi yake ni kazi yake, akaeleza kuwa kitabu ni kurasa nane, karatasi mbili za A4 zilizokunjwa katikati. Ukiongeza ukurasa mmoja umeongeza minne. Lakini mstari mmoja? Wimbo wa kutolea sadaka ukipunguzwa ubeti, unaingia bila shida.

Ubeti ukapunguzwa. Jaladani ikawekwa picha nzuri kuliko zote, baba amevaa suti, anacheka, ameketi na dada yake aliyemshika bega, siku alipomtembelea kambini. Veneranda akasoma nakala ya mfano neno kwa neno, akasema ichapwe. Mjomba akaacha kubisha. Na huyo binti, jamani, akadhani ameshinda!

Siku ya mazishi maboksi yakafunguliwa kwenye uwanja wa kanisa. Veneranda akafungua kitabu. Wasifu ulisema marehemu alizaliwa Kalinzi. Baada ya watoto, mashada yanawekwa na majirani. Jaladani baba yuko peke yake. Mjomba alikuwa amerudi Gungu kimyakimya kubadilisha.

“Niliwafikiria ninyi,” Leodgar akasema, bila kumtazama.

Veneranda alitamani kumrushia boksi zima. Lakini vitabu vilikuwa vimeshagawiwa hadi benchi la mwisho, na huko mwisho, kibali cha kutoka kambini kikiwa kimefungwa kwenye ncha ya kanga, alikuwa ameketi shangazi Esther. Hakujua kusoma. Alikuwa ameshika kitabu karibu na macho.

Veneranda akaenda akapiga magoti mbele yake, akaanza kueleza habari za kurasa, za nafasi, za uraia, maneno yakamgongana mdomoni.

Shangazi hakuonekana kusikia. Alikuwa anapapasa bega la suti ya kaka yake, palipobaki vidole vinne visivyo na mwenyewe.

“Mwanangu,” akasema, “huu mkono ni wangu. Mimi mmeniweka ukurasa gani?”