Chupa ya Nelima

Nilikuwa jaji wa mashindano ya sayansi mjini Kitale. Nelima, msichana kutoka Kabuchai, alisema wanaanga huelea kwa sababu wao na kituo chao cha angani wanaanguka pamoja bila kukoma.

“Huko juu hakuna mvutano wa dunia, binti,” nilimkatiza, nikamwandikia sifuri. Ndivyo nilivyojifunza shule ya usiku, na ndivyo nilivyofundisha miaka thelathini.

“Bila mvutano, mwalimu, kituo kingeenda moja kwa moja. Si kingeacha kuizunguka dunia?”

Alitoboa chupa ya maji, yakachuruzika. Akapanda nayo ghorofani mwa ukumbi, akaiachilia. Ilipokuwa ikianguka, halikutoka hata tone: maji na chupa vilianguka pamoja.

Ukumbi mzima ulinitazama. Nilifuta sifuri, nikampa alama zote, lakini sikuweza kumtazama usoni.