Kioo Kilichobana

Jumatatu, tarehe saba Julai, kioo cha dirisha la zahanati yetu Kilema kilifika kutoka Moshi, kikakataa kuingia. Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyepima.

"Nilipima pale kioo kinapokaa, ubao hadi ubao," alijitetea.

"Ungepunguza milimita tatu, mwenyekiti," fundi Sifael akamwambia. "Mbao huvimba kwa mvua, na fremu hii imepinda. Nikakipunguze?"

"Mpaka lini? Sukuma!"

Sifael aligoma. Mwenyekiti akasukuma mwenyewe, kioo kikapasuka.

Chini ya dirisha hilo alilala Hilaria mwenye nimonia, mjukuu niliyeachiwa na marehemu mke wangu. Sifael alivua koti lake, akaziba nalo tundu la dirisha.

"Pole, babu."

Mwenyekiti alishaondoka. Hiyo kamati, baridi ikishuka usiku, hulala wapi?